Ngoma za Mzee Morris na Chaneli ya Kagoma

Redio ya taifa imebadilisha jina zaidi ya mara moja. Mwaka 1965 ilianza kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD kwa mkato. Mwaka 2002 ikawekwa pamoja na televisheni ya taifa chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na mwaka 2007 ikawa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Katika mabadiliko yote hayo, msikilizaji aliendelea kusikia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule mpigaji asiyeona aliyezimudu ngoma nyingi peke yake, zikitangulia taarifa ya habari. Zikilia sebuleni, aliyekuwa jikoni alijua habari inaanza, na alijua ni redio gani, kabla mtangazaji hajafungua mdomo.

Nimezitaja ngoma hizo kwa sababu vijana wa Bukoba na Muleba wanaotaka kuanzisha chaneli au podikasti huja na nembo mkononi wakidhani utambulisho umekwisha. Nembo ni sehemu ndogo. Chaneli hutambulika kwa vitu vichache vinavyorudiwa bila kubadilika: jina linalotamkika, sura moja, mlio mmoja, na namna moja ya kuanza. Na vitu hivyo vichaguliwe kwa kupimwa pale vitakapokutana na mtu katika hali ngumu kuliko zote, yaani kwenye kiduara kidogo cha kioo cha simu, kwenye spika ya simu hiyohiyo, na ndani ya sekunde chache kabla kidole hakijatelezesha video nyingine.

Tuchukue mfano tuufanyie kazi hadi mwisho. Kijana wa Kagoma, wilayani Muleba, anataka chaneli ya mazungumzo na wakulima wa kahawa na migomba. Atarekodi kwa simu, video ataipandisha YouTube, na sauti yake ataitoa kama podikasti kwa wanaosikiliza wakiwa shambani au kwenye pikipiki. Anataka mtu wa Kamachumu akiiona au kuisikia mara ya tatu aseme, "Hawa nawajua."

Jina la kwanza linalomjia ni Kagoma Online TV. Halifai, na sababu zake ni za kuhesabika. Chaneli nyingi za mikoani zimeshajiita hivyo: jina la mji, kisha "Online TV". Maneno hayo mawili hayamtofautishi na yeyote, na yanamwahidi mtazamaji habari za kila siku ambazo kijana huyu hana mpango nazo. Ahadi hiyo ina upande wa sheria pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka mwaka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, zinamtaka anayerusha habari na matukio awe na leseni ya TCRA; mtu asijibandike jina la chombo cha habari bila kujua linampeleka wapi. Halafu kuna neno lenyewe la Kagoma. Andika Kagoma kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa barabara ya Kagoma hadi Lusahunga, na utaletewa siasa za jimbo la Kagoma la huko Jinja, Uganda. Chaneli changa haiwezi kushindana na barabara ya lami na mbunge.

Jina la pili ni Mwani, kwa kuwa Kihaya kinaiita kahawa hivyo, na kila mgeni aliyewahi kupewa punje za kutafuna anaikumbuka akamwani. Nyumbani ni jina zuri. Lakini chaneli ni ya Kiswahili, na kwa Kiswahili mwani ni zao la baharini linalolimwa Zanzibar. Atakayelitafuta ataonyeshwa akina mama wa Paje wakiwa majini. Jina la tatu ni Rubisi na Stori. Hapo tatizo liko masikioni. Kwetu r na l hubadilishana nafasi bila mtu kushtuka, kwa hiyo nusu ya watu watatafuta rubisi na nusu lubisi, na kundi la pili litaona chaneli haipo. Jina lolote lenye mojawapo ya herufi hizo lichunguzwe kwanza kabla ya kupendwa.

Namna ya kulichunguza ni rahisi. Mpigie simu shangazi aliyeko Mwanza au Karagwe, mtajie jina mara moja tu, kisha mwambie akuandikie kwa WhatsApp jinsi alivyolisikia. Fanya hivyo kwa watu kama kumi, wa umri mbalimbali, bila kuwasahihisha. Wawili wakikosea kwa namna moja, kosa ni la jina.

Jina la nne linapita: Kibanjani. Kila mtu wa Kagera anajua kibanja ni nyumba pamoja na migomba na mibuni iliyoizunguka, na hapo ndipo mazungumzo yatakapofanyika. Linaandikwa kama linavyotamkwa. Halina r wala l. Lina herufi tisa, na anwani ya YouTube inaruhusu herufi kuanzia 3 hadi 30, hivyo @kibanjani inaingia bila kukatwa wala kuongezewa namba za ajabu. Bado lazima alitafute YouTube, TikTok na Instagram siku moja, na kama liko wazi kotekote alichukue kotekote siku hiyohiyo, hata kama TikTok ataanza kuitumia mwakani. Likiwa limekaliwa na mtu mwingine, arudi mezani. Kuongeza "official" mbele ya jina la mtu hakulifanyi liwe lako.

Jambo la mwisho kwenye jina ni kama linaweza kubeba vichwa vya vipindi. Salama Jabir alilipata hilo kwa usahihi mkubwa alipokiita kipindi chake cha mahojiano Salama Na. Jina halijakamilika hadi mgeni atajwe, kwa hiyo kila kichwa cha kipindi kinalirudia jina la kipindi na bado kinasomeka kama sentensi. Kibanjani linaweza kufanyiwa hivyo: Kibanjani na mkaanga senene, Kibanjani na fundi wa kupogoa mibuni. Mtu akisoma vichwa vitatu ameshajua mpangilio, na hakuna aliyemfundisha.

Tuje kwenye sura. Nembo nyingi za kwetu zina mgomba, kahawa, ziwa, samaki, mkungu na ramani ya mkoa, vyote ndani ya duara moja, na jina limezungushwa pembeni. Kwenye kompyuta ya mchoraji inapendeza. YouTube inapokea picha ya wasifu ya pikseli 800 kwa 800, lakini mtazamaji anaiona kama kiduara kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, pembeni ya kichwa cha video. Hapo ziwa na samaki ni ukungu. Jaribio lake ni hili: piga picha ya kioo cha simu yako nembo ikiwa imekaa kwenye orodha ya video, mwonyeshe mtu asiyeijua, ifunike baada ya sekunde mbili, muulize ameona nini. Akisema "kama kitu cha kijani hivi", rudi kwa mchoraji.

Kibanjani inahitaji umbo moja. Msonge, nyumba ya kale ya nyasi inayochongoka juu, ni umbo zuri kwa sababu linatambulika hata likiwa kivuli cheusi. Ila hoteli na vikundi vya utamaduni vimelitumia sana, kwa hiyo kijana wetu huenda akachagua jani moja la mgomba lililokatwa wima, au punje mbili za kahawa zilizogusana. Chochote atakachochagua, kiwe kimoja.

Rangi ndiyo inayowapoteza wengi wa mkoa huu. Video ikipigwa kibanjani, nyuma yote ni kijani. Nembo ya kijani inamezwa. Wengi hukimbilia nyekundu ya kahawa iliyoiva, na kwa macho ya haraka inaonekana imekaa vizuri juu ya kijani. Igeuze picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe uone: wekundu ulioiva na kijani kilichokolea huwa kijivu kilekile. Zinatofautiana kwa rangi tu, kwa mwanga hazitofautiani, na mtu anayetazama simu juani, kioo kikiwa kimefifia, anabaki na mwanga peke yake. Wapo pia wanaume wengi kiasi wanaopata shida kutofautisha nyekundu na kijani. Njano ya ndizi mbivu au nyeupe ya maziwa hubaki imesimama hata picha ikiondolewa rangi, kwa hiyo Kibanjani iwe njano juu ya kahawia iliyokolea, na ibaki hivyo.

Picha ya jalada la kila video ni pikseli 1280 kwa 720, na kona yake ya chini kulia hufunikwa na muda wa video. Nimeona nembo nyingi zikizikwa pale, juu yake pameandikwa 24:16. Kwa kweli jalada halihitaji nembo, maana kiduara kipo chini yake tayari. Linahitaji mpangilio usiobadilika: uso wa mgeni upande uleule kila mara, maneno matatu au manne kwa herufi za aina moja, na benchi lilelile. Benchi ni utambulisho kuliko wengi wanavyodhani. Mkulima akija kukaa kwenye benchi la mbao chini ya mbuni uleule, kamera ikiwa kimo kilekile, mtazamaji anaijua chaneli hata akiwa amezima sauti.

Kwenye sauti ndipo penye utajiri, na ndipo ngoma za Mzee Morris zinapotufundisha kazi. Redio zilizozipokea zilikuwa na spika ndogo, nyingi za betri. Ngoma moja kubwa yenye mshindo mzito ingepotea humo. Yeye alipiga ngoma nyingi za sauti tofauti, ndogo kwa kubwa, na kilichopita kwenye spika kilikuwa mwendo wake: juu, chini, haraka, kituo. Hata mtu akiupiga mwendo ule kwa vidole juu ya meza, utautambua.

Spika ya simu ya leo ina udhaifu uleule. Sauti zilizo chini ya hezi 300 hivi huzitoa kwa shida sana, na mshindo wa ngoma kubwa uko chini ya hapo. Kijana akirekodi ngoma akiisikiliza kwa hedifoni kubwa, atasikia kifua kinatetemeka. Mkulima akiisikiliza kwenye simu, atasikia ngozi ikipigwa kofi. Ndiyo maana kwa Kibanjani ningechagua enanga. Ni kinanda cha gogo lililochongwa kama kihori, na uzi wake umepitishwa huku na huku juu ya uwazi ukafanya nyuzi saba au nane. Kila uzi ukiguswa una mwanzo mkali unaosikika hata kwenye spika mbovu, na kwa Mhaya mlio huo una kumbukumbu ndefu, kwa kuwa tenzi za kale za mashujaa ziliimbwa kwa kinanda hicho.

Kurekodi kwake hakuhitaji studio, kunahitaji saa nzuri. Bukoba ni mji wa mvua, na mvua juu ya bati huua rekodi yoyote. Usiku nako kuna vyura na nyenje. Asubuhi baada ya umande, katika chumba chenye mikeka, mapazia na magodoro, ndiyo saa yake. Simu isiwekwe juu ya meza moja na kinanda, kwa kuwa mbao hupitisha mtetemo na rekodi ikawa na ngurumo. Iwekwe kwenye kiti kingine, juu ya kanga iliyokunjwa, kama sentimita 30 kutoka kwenye nyuzi. Mpigaji aachwe apige dakika kumi akistarehe. Kazi ya kijana baadaye ni kutafuta humo kifungu cha sekunde nne kilichokamilika, chenye mwanzo na kituo chake. Kifungu kilichokatwa katikati kwa kupunguzwa sauti polepole hakikumbukwi, kwa sababu sikio halikupewa mahali pa kutua.

Kisha akipeleke kwenye simu tatu za bei tofauti, akipige kwa sauti ya kawaida mahali penye kelele kidogo. Kama mwendo bado unafuatika, amepata mlio wake.

Swali linalofuata ni mlio huo ukae wapi, na hapa lazima tuachane na RTD. Redio ya taifa iliweza kuanza na ngoma kwa sababu msikilizaji hakuwa na pengine pa kwenda, tena alizisikia kila siku. Aliyesikiliza taarifa tatu kwa siku alifikisha mara 52 ndani ya siku 18. Chaneli inayotoa kipindi kimoja kwa wiki inahitaji mwaka mzima kufika hapo, na mtazamaji wake ana bando la kulinda na kidole kilicho tayari. Akianza na nembo inayozunguka kwa sekunde 20, muziki ukipanda, "karibu sana mpenzi mtazamaji, usisahau kujiunga na kubofya kengele", huyo mtu ameshaondoka.

Kwa hiyo jambo lenyewe litangulie, mlio ufuate. Tuseme kipindi ni cha mnyauko wa migomba, ugonjwa uliogunduliwa Muleba mwaka 2006 na ambao kila familia huku imeuonja. Sekunde ya kwanza, panga linakata shina la mgomba. Kamera inasogea kwenye kidonda: maji mazito ya njano yanachuruzika. Mkulima anasema, "Huu usaha ukiuona, panga hilo usilipeleke kwenye mgomba mwingine kabla hujalipitisha motoni." Hapo zimepita sekunde tisa au kumi. Ndipo enanga inapiga sekunde nne, neno Kibanjani likiwa njano juu ya kahawia. Kisha mwendeshaji anasema sentensi moja isiyobadilika mwaka mzima: "Hapa ni Kibanjani, nami leo niko na…" na jina la mgeni linafuata. Kufikia sekunde ya ishirini swali la kwanza limeshaulizwa. Kama mgeni ni mzee, anaongezewa "waitu" kama adabu ya huku inavyotaka, na hilo nalo litakuwa sehemu ya chaneli bila kuchorwa na mtu.

Toleo la sauti tupu lifuate mpangilio uleule, lakini lina tahadhari moja. Mwenye hedifoni haoni panga wala usaha wa njano, na neno lililoandikwa kwenye kioo halimfikii. Maneno ya mkulima lazima yajitosheleze, kwa hiyo hapo aombwe aseme ameona nini: "Nimekata shina, linatoa usaha wa njano." Jina la kipindi nalo lazima litamkwe. Na mlio usizidi sauti ya mazungumzo. Msikilizaji anayeshtuliwa masikioni kila wiki hujifunza kuuruka.

Kabla ya kuuzoesha watu mlio huo, uwe wako. Kuchukua kipande cha wimbo wa Saida Karoli kwa kuwa naye ni wa Kagera ni kujenga nyumba kwenye kiwanja cha mwenzako: mfumo wa YouTube huutambua wimbo, na mapato ya kila video yanaweza kwenda kwa mwenye haki. Muziki wa bure wa mtandaoni hauna kesi hiyo, ila kesho utausikia kwenye tangazo la duka la simu. Mpigaji wa enanga naye ana haki juu ya upigaji wake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Andikianeni ukurasa mmoja mbele ya mashahidi wawili: amelipwa kiasi gani, mlio utatumika wapi, na kama anaweza kumuuzia mwingine kifungu hichohicho. Jina nalo watu hulisajili BRELA kama jina la biashara wakadhani limelindwa. Usajili huo unakuwezesha kufungua akaunti na kulipwa. Ulinzi dhidi ya anayeliiga uko kwenye alama ya biashara na huduma, ambayo Tanzania Bara hudumu miaka 7 kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Chaneli yenye watazamaji mia mbili inaweza kusubiri hilo. Yenye mdhamini isisubiri.

Utajuaje kama utambulisho unashika? YouTube Studio ina vipimo viwili vinavyotosha. Cha kwanza ni mchoro wa watazamaji wanaobaki. Tazama pale mlio unapoingia: mstari ukishuka polepole kama ulivyokuwa ukishuka kabla yake, mlio hauna kosa. Ukianguka kama ngazi kwenye sekunde ileile, kipindi hadi kipindi, basi mlio ni mrefu au umekuja kabla mtu hajapewa sababu ya kukaa. Linganisha pia asilimia ya waliobaki kwenye sekunde ya 30. Usiamue kwa video moja yenye watazamaji arobaini, kwa sababu watatu wakiitwa kula mchoro mzima unayumba.

Kipimo cha pili ni maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakakufikia. Miezi ya mwanzo yatakuwa "mnyauko wa migomba" au "bei ya kahawa", maana yake wametafuta jambo wakakukuta njiani. Siku "kibanjani" inapoanza kuonekana humo, tena kwa tahajia sahihi, watu wameanza kukutafuta wewe. Ikionekana kwa tahajia mbili, jaribio la shangazi lilifanywa kwa haraka, na ni nafuu kurekebisha jina ukiwa na video kumi kuliko mia.

Kati ya hivyo vyote, kinachovunjwa mapema kuliko vingine ni subira. Mwenye chaneli huusikia mlio wake mara mia wakati wa kuhariri, akachoka, akaubadilisha mwezi wa tatu, wakati mtazamaji wake wa kila wiki amekutana nao mara kumi na mbili tu, na wengi hata hawajafika hapo. Badilisha mlio kwa sababu mchoro umeonyesha ngazi, au kwa sababu mkataba umekwisha. Uchovu wa masikio yako mwenyewe si kipimo.